Magnesiamu bondeni, mchanga kilimani: shajara ya kinga ya bomba la inchi 12

Bomba lenyewe ni la maji, la chuma, linalotoka kituo cha pampu pembeni mwa mikoko hadi tangi la zege juu kilimani, wilaya ya Mkuranga. Urefu ni kilomita 4.2. Kipenyo cha nje ni milimita 323.9 na unene wa ukuta ni milimita 6.35. Limevikwa polietilini ya tabaka tatu kiwandani, na kila kiungio kilicholehemiwa shambani kimefunikwa kwa mkanda wa kusinyaa kwa moto. Kazi niliyopewa ni kulikinga na kutu kwa miaka 20, kwa njia ya kathodi, yaani kwa kulipelekea mkondo wa umeme kutoka kwenye anodi zilizofukiwa ardhini. Mteja hakuweka sharti la njia ipi, ila alitaka nieleze uamuzi wangu kwa maandishi, na ndiyo sababu ya shajara hii.

Septemba, mwisho wa kiangazi

Nimepima udongo sasa, kabla ya mvua za vuli, kwa sababu ninataka kuuona ukiwa mkavu kabisa. Anayepima wakati wa masika anajidanganya: udongo uliolowa hupitisha umeme vizuri, na kinga iliyopangwa kwa namba hizo itadhoofika kila kiangazi.

Njia ni ile ya vijiti vinne. Unavichoma ardhini kwa mstari mmoja vikiwa vimeachana sawa, unapitisha mkondo kwenye viwili vya nje, unasoma volti kwenye viwili vya ndani, na chombo kinakupa omu. Ukizidisha omu hizo kwa 2π na kwa umbali kati ya kijiti na kijiti, unapata ukinzani wa udongo kwa omu-mita, kwa kina kinachokaribia umbali huo. Mimi nilitumia mita 2. Kule juu kwenye mikorosho, mchanga mweupe, chombo kilisoma karibu omu 15.9, yaani udongo wa omu-mita 200. Bondeni, kwenye tope jeusi karibu na mikoko, kilisoma omu 0.64, yaani omu-mita 8. Kilomita 3 za juu zinafanana sana na ile 200, na kilomita 1.2 za bondeni zinacheza karibu na 8. Bomba moja, udongo wa aina mbili ambao mmoja unapitisha umeme mara ishirini na tano kuliko mwingine.

Nilipima pia volti ya asili ya chuma kwenye kipande cha bomba kilichokwisha fukiwa, nikitumia elektrodi rejea ya shaba iliyomo ndani ya salfeti ya shaba. Kilimani nilipata −0.48, bondeni −0.66. Huo mwachano wa volti 0.18 ndio ugonjwa wenyewe. Mchanga una hewa nyingi na tope halina. Chuma kilicho kwenye tope kinageuka kuwa anodi, kinatoa elektroni na kuyeyuka, na kile kilicho kwenye mchanga kinakuwa kathodi na kusalia salama. Kwa kuwa bomba limelehemiwa mwanzo hadi mwisho, elektroni zina njia nzuri ya kusafiri. Mipako mizuri haiponyi hali hii. Inauelekeza tu ulaji wote kwenye mikwaruzo michache iliyobaki bondeni, na tundu dogo linalobeba kazi yote ya kutu hutoboka mapema kuliko bomba lisilovikwa kitu.

Tope lile linanuka yai bovu. Maana yake ni kwamba kuna bakteria wanaopunguza salfeti, na pale kiwango cha kawaida cha kinga hakitoshi. Kiwango hicho, −0.85 kwa elektrodi ya shaba, ni cha Robert Kuhn aliyekuwa akishughulikia mabomba ya gesi New Orleans mwaka 1928, na kinatumika hadi leo. Kwenye udongo wa bakteria hao lengo linashushwa hadi −0.95. Kwa hiyo nitapanga −0.95 bondeni na −0.85 kilimani. Upande wa pili kuna mpaka pia: sitaki bomba lipite −1.20, kwa sababu chuma kikisukumwa mno hutengeneza hidrojeni na alkali usoni pake, na mipako inaanza kubanduka.

Oktoba, mkondo unaohitajika

Eneo la nje la bomba ni π × 0.3239 × 4200, karibu mita za mraba 4,274. Swali linalofuata ndilo linaloamua kila kitu: kila mita ya mraba itataka mkondo kiasi gani? Chuma kitupu kwenye udongo kinaweza kutaka makumi ya milliampea kwa mita ya mraba. Chuma kilichovikwa polietilini ya tabaka tatu kinataka sehemu ya milliampea moja tu, kwa kuwa kinachokula mkondo ni mikwaruzo na viungio vibovu. Kwa mwisho wa miaka 20, mipako ikiwa imechoka, nimechukua milliampea 0.2 kwa mita ya mraba. Mwanzoni, bomba likiwa jipya, nategemea sehemu ya kumi tu ya hiyo.

Mkondo wa mwisho basi ni 4,274 × 0.2, yaani milliampea 855. Nimeandika ampea 0.86. Kwa bomba la kilomita 4 hiyo ni chini ya kile kinachotolewa na chaja ya simu.

Uzito wa anodi za magnesiamu, metali itakayoliwa badala ya bomba, unatoka hapo moja kwa moja:

```
uzito = (mkondo × miaka × 8760) / (uwezo × matumizi)
```

8760 ni saa za mwaka mmoja. Uwezo wa magnesiamu kwa nadharia ni ampea-saa 2,200 kwa kilo, lakini nusu nzima ya metali hiyo hujila yenyewe ardhini bila kulipa bomba chochote, kwa hiyo mtu mwenye busara anahesabu 1,100. Kipengele cha matumizi nimekiweka 0.85, kwa sababu anodi ikibaki na asilimia 15 ya mwili wake imekonda kiasi kwamba haitoi tena mkondo wa maana, na huenda imeshaachana na waya wake.

```
uzito = (0.86 × 20 × 8760) / (1100 × 0.85)
      = 150672 / 935
      = 161 kg
```

Anodi ya magnesiamu inayopatikana kwa urahisi ina kilo 7.7, ikiwa ndani ya mfuko wa jasi, bentonaiti na salfeti ya sodiamu. 161 kugawa kwa 7.7 ni 21. Nimewahi kusoma miundo iliyoishia hapa: anodi 21, zigawanywe sawasawa kila mita 200, kazi imekwisha. Hesabu yenyewe ni sahihi. Tatizo ni kwamba imejibu nusu ya swali.

Oktoba, nusu ya pili ya swali

Uzito unasema anodi itaishi muda gani ikitoa mkondo fulani. Hausemi kama itautoa. Kinachoamua hilo ni ukinzani kati ya anodi na udongo unaoizunguka. Fikiria tangi la maji: kilo ni maji yaliyomo, na ukinzani ni unene wa bomba la kutolea. Tangi kubwa lenye bomba jembamba litakaa limejaa huku watu wakilala na kiu.

Mfuko wangu una urefu wa mita 0.75 na kipenyo cha mita 0.19. Ukiusimamisha wima ardhini, ukinzani wake unakadiriwa hivi:

```
R = ρ / (2πL) × (ln(8L/d) − 1)
```

Sehemu ya mabano kwa vipimo hivi ni 2.45. Nimetumia magnesiamu ya volti kubwa, −1.75 kwa elektrodi ya shaba. Bomba likishafika −0.95, volti inayobaki ya kusukuma mkondo ni 0.80.

Kilimani, udongo wa 200, R inakuwa omu 104. Volti 0.80 kugawa kwa 104 ni milliampea 7.7. Anodi zote 21 zikizikwa huko zitatoa milliampea 161 kwa jumla, wakati bomba linataka 855. Na zitaishi muda gani? Kila anodi ina ampea-saa 7,200 zinazotumika (7.7 × 935). Kwa milliampea 7.7 kikokotoo kinasema miaka 107. Namba hiyo ni ya uongo kabisa, kwa sababu magnesiamu inayofanya kazi kivivu namna hiyo hujila kwa kasi kuliko ile nusu tuliyoipa. Lakini inaonyesha vizuri kosa liko wapi: kilo zipo nyingi, mkondo haupo.

Bondeni, udongo wa 8, R inakuwa omu 4.16. Mkondo unaruka hadi milliampea 192 kwa anodi moja. Anodi tano tu zingetosheleza bomba zima. Kisha zingekufa: 7,200 kugawa kwa 0.192 ni saa 37,500, miaka 4 na miezi michache. Anodi ileile, kutoka shehena ileile.

Kwa hiyo ukigawanya anodi sawasawa juu ya njia nzima, utaona hivi: miaka ya kwanza kila kipimo ni kizuri, kwa kuwa zile za bondeni zinabeba mzigo wote. Mwaka wa tano zinakwisha. Za kilimani zipo, nzima, na hazina msaada. Bomba linarudi polepole kuelekea volti yake ya asili, na anayesoma vipimo anashindwa kuelewa, maana ukichimbua anodi yoyote ya juu utakuta magnesiamu karibu mpya.

Jibu langu ni kuziweka zote bondeni, kwenye udongo unaokubali kupokea mkondo, na kuzifunga breki. Swali la haraka ni kama mkondo unaoingilia bondeni utafika tangini, kilomita 3 mbali. Utafika. Ukuta wa chuma wa milimita 6.35 kwenye kipenyo hiki una ukinzani wa takriban omu 0.085 kwa kilomita 3 zote. Sehemu ya kilimani itataka ampea 0.61 mwishoni mwa umri, na kwa kuwa inatumika kidogo kidogo njiani, volti inayopotea ndani ya chuma ni nusu ya 0.61 × 0.085, milivolti 26. Hilo si tatizo. Kwenye bomba lenye mipako ya zamani iliyochakaa hesabu hii isingekubali, maana mkondo ungemezwa kabla ya kufika.

Sharti lake ni moja, nalo halina msamaha: chuma kisikatike popote kiumeme. Kwenye chemba za valvu kuna flanji zenye gasketi, na kwenye sehemu mbili kuna koplingi za mpira. Boliti mara nyingi zinapitisha umeme, mara nyingine rangi inazuia. Nimeagiza kila flanji na koplingi irukwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16.

Oktoba, zinki au magnesiamu

Kabla ya breki nilipitia zinki, kwa kuwa kwenye tope la 8 ndiyo inayotajwa kwanza. Zinki iko −1.10. Dhidi ya bomba la −0.95 inabaki volti 0.15 tu, na kwa mfuko wa ukubwa uleule mkondo unakuwa milliampea 36. Uzuri wake ni kwamba haili ovyo: asilimia 90 ya metali inalipa kazi, na bomba likizidi kushuka chini volti ya kusukuma inapungua yenyewe, hivyo haiwezi kulipitisha mpaka. Kilo 13.6 za zinki zingeishi miaka 27 kwa mkondo huo. Kwa hesabu ya uzito zingetosha anodi 18, kwa hesabu ya mkondo zinahitajika 24. Hapa kubwa linashinda, 24.

Kilichonizuia ni kile kile kiasi cha 0.15. Kama anodi ya zinki itakaa −1.08 badala ya −1.10, na tope likakauka hadi 12 mwezi wa Septemba, mkondo unashuka karibu hadi nusu, wakati mimi nimejifunga kwa lengo la −0.95 kwa ajili ya bakteria. Kama lengo lingekuwa −0.85 ningechukua zinki bila kufikiri mara mbili.

Magnesiamu ina nguvu ya ziada, na nguvu ya ziada inaweza kupunguzwa kwa rezista. Ili anodi ya kilo 7.7 iishi miaka 20 haitakiwi kutoa zaidi ya milliampea 41. Nimezipanga nne nne kwenye nguzo sita ambako waya zao zinaungwa na waya wa bomba, mita 6 kati ya anodi na anodi, mita 3 kutoka bombani. Zikikaribiana, mikondo yao inagombea udongo uleule: kwa nafasi ya mita 6 ukinzani wa kundi unapanda kama asilimia kumi, na unafika omu 1.15. Kila kundi litatakiwa kutoa milliampea 143 mwishoni mwa umri. 0.80 kugawa kwa 0.143 ni omu 5.6, kwa hiyo rezista ya omu 4.4 hivi ndiyo breki ya mwisho. Mwanzoni breki itakuwa kubwa zaidi, na ndiyo sababu nimeagiza rezista za kuzungusha za omu 0 hadi 25 badala ya za kudumu.

Jumla ni anodi 24, kilo 185. Kundi la anodi nne lina ampea-saa 28,800, na kwa milliampea 143 hiyo ni miaka 23.

Novemba, kikao na mteja

Mhandisi wa mteja aliuliza swali la haki.

"Bwana mhandisi, pampu zetu zina umeme. Kwa nini tusiweke rektifaya tu, tukachagua ampea tunazotaka?"

Nilimjibu kwamba rektifaya hushinda pale mkondo unapokuwa mkubwa, na hapa ni mdogo kupita kiasi. Kifaa hicho hubadilisha umeme wa gridi kuwa wa mwelekeo mmoja na kuusukuma ardhini kupitia anodi za titani zenye oksidi au za chuma chenye silikoni nyingi, zilizofukiwa ndani ya vumbi la koka. Anodi hizo hazitegemei volti yao ya asili, kwa hiyo hazihitaji kuliwa. Chuma cha silikoni kinapoteza chini ya nusu kilo kwa kila ampea kwa mwaka, ukilinganisha na kilo 8 hivi za magnesiamu.

Nikamwonyesha bomba hilihili kama lingekuwa la zamani, la mipako ya lami, linalotaka milliampea 1 kwa mita ya mraba. Mkondo unakuwa ampea 4.3. Magnesiamu inafika kilo 800, zaidi ya anodi mia moja. Rektifaya ya volti 20 na ampea 10 ingeimaliza kazi hiyo kwa anodi chache zenye uzito wa makumi ya kilo. Hapo ningemshauri rektifaya mimi mwenyewe, na bomba la makumi ya kilomita ningemshauri hata kama mipako ni mpya.

Kwa ampea 0.86 inageuka. Rektifaya inataka mtu wa kusoma mita yake mara kwa mara, kwa sababu ikizima haipigi kelele. Waya wake wa upande wa chanya ukichubuka mahali, unageuka anodi na kukatika pale pale. Mafundi wakigeuza chanya na hasi, bomba lenyewe linakuwa anodi, na linatobolewa kwa kasi ambayo kutu ya kawaida haiijui. Tena kuna bomba la chuma la jirani linalokatiza bondeni. Mkondo mkubwa ardhini unaweza kuingia bomba hilo sehemu moja na kutoka nyingine, na pale unapotokea ndipo linapoliwa. Magnesiamu yenye breki haina nguvu ya kumsumbua jirani kiasi hicho.

"Na zikiisha?"

Zikiisha zinachimbuliwa na kuwekwa nyingine. Nguzo na waya vinabaki. Akakubali, kwa sharti kwamba kila nguzo ifungwe kwa kufuli na sahani ya shaba isionekane kwa nje. Shaba inayoonekana haikai wiki.

Desemba, kuzika

Mvua za vuli zimetusaidia, mashimo ya bondeni yanajaa maji yenyewe. Mambo mawili tu nimesimamia kwa macho yangu.

La kwanza ni mfuko wa plastiki. Anodi husafirishwa ndani ya mfuko wa pamba wenye jasi na bentonaiti, na juu yake kuna mfuko wa plastiki wa kuzuia unyevu. Ule wa plastiki lazima uvuliwe. Ukizikwa nao, anodi haitatoa kitu, na kwenye nguzo unaweza kusoma volti nzuri kabisa ya −1.75 kwa sababu waya umeungwa na metali iko sawa. Ni mkondo pekee utakaokuambia. Kibarua aliyefundishwa kwamba vitu vya dukani vitunzwe kwa uangalifu atauacha kwa nia njema.

La pili ni kwamba anodi haibebwi kwa waya wake. Ina kiini cha chuma katikati na waya umelehemiwa pale. Ukiibeba kwa waya kiungio kinalegea ndani ya lami, na hutagundua kabla hujafukia.

Waya wa nguzo umelehemiwa bombani kwa unga wa thermiti, kiasi cha gramu 15, baada ya kukwangua mipako kwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Kila kiungio kikipoa kinagongwa kwa nyundo. Kikitoka, kinarudiwa. Kisha mipako inarudishwa kwa lami na kiraka.

Januari, kuwasha

Nilianza na nguzo mbili tu kati ya sita, rezista zikiwa omu 15.5. Kila nguzo ina kipande cha kupimia cha omu 0.1, kwa hiyo milivolti 1 ni milliampea 10.

Siku iliyofuata bomba lilikuwa −0.70 kote. Halikuwa likisogea. Nikafungua nguzo zote sita. Kila moja ilitoa kama milliampea 60, jumla karibu 0.36 ya ampea, na bomba likashuka hadi −0.74 tu. Kwa mipako mipya hesabu ilisema lingetosheka na chini ya milliampea 100. Mkondo mara tatu na zaidi, matokeo duni: hiyo ni alama ya chuma kingine kinachokunywa pamoja na bomba.

Washukiwa walikuwa wawili, viungio vya kutenga umeme vilivyoko mwisho wa kila upande. Kimoja kinatenga bomba na waya wa ardhi wa kituo cha pampu, kingine kinalitenga na nondo za tangi. Kipimo ni rahisi. Elektrodi ya shaba inaachwa sehemu moja bila kuguswa, unasoma volti ya chuma cha upande huu wa kiungio, kisha cha upande ule. Kiungio kizima kitakupa namba zilizoachana kwa milivolti mia kadhaa. Kwenye pampu zilikuwa −0.74 na −0.42. Kwenye tangi zilikuwa −0.73 na −0.73.

Kiungio chenyewe kilikuwa kizima. Waliofunga kipima kina cha tangi walipitisha waya wenye deraya ya chuma juu ya kiungio na kuubana kwa vishikio vya chuma, kimoja kila upande. Deraya ikawa daraja. Nondo zote za tangi na waya wake wa ardhi zilikuwa zikikingwa kwa gharama ya magnesiamu yangu. Tulibadilisha vishikio kuwa vya plastiki na kukata deraya kwa sentimita kumi upande wa tangi. Baada ya saa chache tangi lilirudi −0.31 na bomba likaanza kuteremka vizuri.

Februari, kupima kinga halisi

Nimefunga tena nguzo nne na kubaki na mbili, omu 15.5 kila moja. Kila nguzo inatoa milliampea 45, kwa hiyo bomba zima linaishi kwa milliampea 90, chini kidogo ya sehemu ya tisa ya ule mkondo wa mwisho wa umri. Dhana ya mipako mipya kutaka sehemu ya kumi ilikuwa karibu sana na ukweli.

Namba inayosomwa anodi zikiwa zimeungwa ina uongo ndani yake, yaani volti inayopotea kwenye udongo kati ya elektrodi na bomba. Ili kuuondoa nilifunga swichi za saa kwenye nguzo zote mbili, zikiunga kwa sekunde 12 na kukata kwa sekunde 3 kwa wakati mmoja. Kilichosomwa mara tu baada ya kukata ndicho kinachohesabika. Kwenye mchanga mkavu multimita iliyumba hadi nilipomwaga ndoo ya maji chini ya elektrodi.

Bondeni baada ya kukata ni −1.00. Kilimani ni −0.94 karibu na tangi. Vyote viko ndani ya malengo, na vyote viko mbali na −1.20.

Nguzo nne zilizofungwa haziko bure kabisa. Magnesiamu iliyolala kwenye tope lenye chumvi inajila polepole hata bila kuungwa, kwa hiyo nimeamua kuzipokezana: kila mwaka jozi nyingine inachukua kazi, na mlango wa kila nguzo una karatasi ya namba ya rezista na tarehe. Kipimo kijacho ni mwishoni mwa Septemba, tope likiwa kavu. Nikikuta bonde limepanda juu ya −0.95 kwa mkondo uleule, nitafungua nguzo ya tatu kabla ya kugusa rezista. Nikikuta mkondo umepanda huku volti ikipungua, nitaanza na viungio vya kutenga umeme, na kwanza cha tangini.